Ujumbe mmoja wa siku ya kuzaliwa kwa watu wawili: kwa nini mmoja ananuna, na unarekebisha wapi

Kwetu watu wawili wamezaliwa tarehe 7 Julai. Mmoja ni shangazi yetu, aliyezaliwa Temeke mwaka 1964, miaka 10 kamili baada ya TANU kuanzishwa hapa hapa Dar es Salaam, na jambo hilo hajamruhusu mtu yeyote alisahau. Mwingine ni mke wa kaka yangu, aliyezaliwa 1995 na kuolewa kwetu juzi juzi tu. Nitawaita Shangazi Mwanaidi na Neema, ingawa si majina yao. Mimi ndiye mwandishi wa salamu kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sikuchaguliwa. Niliwahi kuandika tangazo la msiba likaeleweka, na tangu siku hiyo kazi ikanigandia.

Mwaka jana, Sabasaba, niliandika hivi:

"Shikamoo Shangazi Mwanaidi! Leo ni siku yako kubwa. Wewe ndiye nguzo ya ukoo wetu, umetulea na kutusomesha kwa vitumbua vyako, hatuna cha kukulipa. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu wenye afya. Bila kumsahau wifi yetu mpendwa Neema, naye leo kaongeza mwaka. Azidi kuwa mke mwema na Mungu amjalie watoto. Tunawapenda sana!"

Nilituma nikaenda zangu kupika. Nilijiona nimemaliza: wote wawili wametajwa, wote wameombewa dua, mwisho nimewaweka pamoja. Makosa yaliyomo nimeyahesabu baadaye, moja baada ya jingine, na ndiyo nitakayoyafungua hapa. Ukipata kazi kama hii ya watu wawili, tafuta dalili inayofanana na ya kwako.

Dalili: mmoja anajibu kwa habari, mwingine anajibu "Amina"

Usitazame kama wamejibu. Watajibu tu, adabu inawalazimisha. Tazama wamejibu nini. Shangazi alituma sauti ya dakika mbili, akaeleza bei ya mchele ya miaka hiyo na jinsi alivyokuwa akiamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua. Neema aliandika: "Amina. Asante kwa kunikumbuka."

Hilo neno "kunikumbuka" ndilo la kulishika. Anayekumbukwa ni yule ambaye angeweza kusahauliwa. Mwenye siku yake hashukuru kukumbukwa, anashukuru kwa kilichosemwa. Ukiona jibu la namna hiyo, au kopa moja nyekundu peke yake kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida ana maneno mengi, jua ujumbe umemweka pembeni hata kama jina lake limo.

Chanzo cha kawaida kabisa ni maneno ya kuning'iniza: pia, vilevile, naye, pamoja na, bila kumsahau. Maneno haya hayana ubaya mahali pake, lakini kazi yake ni kuongeza kitu juu ya kingine kilichokwisha simama. Ukisema "na Neema pia", umeshajenga nyumba ya Shangazi, kisha umeegemeza banda la Neema ukutani. "Bila kumsahau" ni baya kuliko yote, kwa sababu linatangaza hadharani kwamba wazo la kumsahau lilipita kichwani.

Kuna njia ya haraka ya kupima. Funika kwa kidole kila sentensi inayomhusu wa kwanza, kisha soma zilizobaki. Kwangu mimi kilichobaki kilianza na "Bila kumsahau wifi yetu mpendwa Neema, naye leo kaongeza mwaka." Naye kama nani? Sentensi haisimami. Fanya hivyo hivyo upande wa pili: sentensi za Shangazi zilisimama bila msaada wa mtu. Ukipata upande mmoja unasimama na mwingine unaanguka, hapo ndipo pa kurekebisha, na si kwa kuongeza "mpendwa" nyingine. Futa hilo neno la kuning'iniza, kisha anza sentensi upya kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kutajwa.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi, na nilikiona baada ya dada yangu kunisomea ujumbe wangu kwa sauti. Shangazi nilizungumza naye: siku yako, umetulea, Mungu akupe. Neema nilimzungumzia: kaongeza, azidi, amjalie. Mmoja ni wewe, mwingine ni yeye. Yaani nilikuwa nimemgeukia Shangazi uso kwa uso, nikamsema Neema kwa watu wengine naye yuko hapo hapo sebuleni. Kiswahili kinabeba jambo hili katika silabi moja ndani ya kitenzi, kwa hiyo jicho linaliruka kwa urahisi. Pitia vitenzi vyako kimoja kimoja uangalie kiambishi. Wote wawe wewe, au wote wawe ninyi. Ukikuta mmoja ni "u" na mwingine ni "a", umeshapata mgonjwa wako.

Dalili: sentensi ziko sawa, lakini bado ananuna

Hapa wengi wanahesabu maneno. Shangazi maneno 30, Neema maneno 30, basi haki imetendeka. Haisaidii sana. Unaweza kumpa mtu mistari minne ya hewa na mwingine mistari miwili yenye nyama, na mwenye hewa atajua.

Angalia aina ya maneno aliyopata kila mmoja. Shangazi alipata matendo: umetulea, umetusomesha, vitumbua. Neema alipata sifa: mpendwa, mke mwema. Tendo ni la mtu fulani, lilitokea mahali fulani. Sifa ni kama sare ya kitenge cha harusi, yeyote aliyechangia anaivaa. "Mchangamfu", "mwenye upendo", "mcha Mungu", "mchapakazi": kuna wifi gani Dar es Salaam nzima ambaye hajawahi kuandikiwa hayo?

Kipimo chake ni kubadilisha majina. Chukua sentensi ya Neema uweke jina la binamu yeyote wa kike. Kama bado inakubali, haikuwa ya Neema. Ya Shangazi jaribu kuiweka kwa mwingine uone inavyogoma, kwa sababu vitumbua vilivyolipa ada ni vya Shangazi peke yake.

Mara nyingi tunampa mmoja sifa tu kwa kuwa hatumjui vya kutosha, na hilo ni kweli zaidi kwa aliyekuja kwa ndoa. Shangazi nina miaka yote ya maisha yangu naye. Neema nina miaka michache, na nusu ya hiyo ni ya kukutana kwenye shughuli tukipokezana masufuria. Dawa si kupamba. Dawa ni kumpigia simu mtu mmoja anayemjua na kuuliza swali dogo: mwaka huu alifanya nini ukaona kwa macho yako? Usiulize "yukoje", utarudishiwa sifa zile zile. Nilimpigia mama yangu. Akasema, bila kufikiri hata kidogo: "Si ile siku ya mafuriko?"

Mwezi wa nne maji yalijaa Jangwani kama kawaida yake, barabara ya Morogoro ikafungwa pale bondeni, mwendokasi ikasimama. Mama yuko Ilala, dawa zake za presha zilikuwa zimeisha, na Neema alikuwa upande wa Kimara nazo. Alizunguka kwa kupitia Kigogo, kipande kwa bodaboda, kipande kwa miguu, akafika saa tatu usiku. Mama alikumbuka viatu: aliviacha mlangoni vikivuja maji, akaingia pekupeku, akaweka mfuko wa dawa mezani kabla hata ya kuomba kanga ya kubadilisha. Hakuna aliyemtuma. Mimi sikuwa na habari hiyo hata chembe, nami ndiye mwandishi.

Tahadhari moja wakati wa kuchagua matendo: yawe na uzito unaokaribiana. Ukisema mmoja alisomesha watoto wanne na mwingine anapika chai nzuri, umewapima kwenye mzani mbele za watu. Kama la mmoja ni la miaka mingi, la mwingine liwe la siku moja lakini lililogharimu kitu. Na usimfanye mmoja kivuli cha mwenzake. "Neema anafuata nyayo za Shangazi" inasikika kama sifa mpaka uwe wewe ndiye Neema.

Dalili: dua imemchoma mmoja

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu ukishaliona huwezi kurudia. Mkubwa tunamwombea umri mrefu, mdogo tunamwombea mume au watoto. Shangazi, mwenye miaka zaidi ya 60, akiombewa umri mrefu kila mwaka anaanza kujiuliza mnaona nini ambacho yeye hakioni. Neema, akiombewa watoto kwenye kundi la watu 43, ameelezwa mbele ya wote kwamba ukoo unahesabu miezi. Sikukusudia hilo. Lakini liliandikwa kwa mkono wangu, likasomwa na wajomba.

Andika dua moja kwa wote wawili, yenye kitu ambacho kila mmoja atakijaza mwenyewe. Shangazi ni Mwislamu, Neema ni Mkristo, kwa hiyo nilitafuta jina ambalo hakuna atakayeliona la jirani: "Mwenyezi Mungu" linakaa vizuri pande zote. Mwishoni sikuandika Amina wala Amin. Hiyo niliwaachia wao, kila mtu aitikie kwa namna yake.

Dalili: mkubwa ndiye aliyenuna

Ugonjwa huu unakuja baada ya kutibu ule wa kwanza kwa pupa. Umegundua mdogo alionewa, ukamtanguliza kila mahali, ukamwita mkubwa kwa jina lake kama rika lako. Sasa simu inaita na ni baba: "Siku hizi dada yangu hasalimiwi?"

Shida yetu ni shikamoo. Ni lazima iwepo, na ni ya mtu mmoja tu. Ukiifungulia ujumbe, mstari wa kwanza wote ni wa Shangazi. Ukisema "shikamooni" ili iwe ya wote, umempa Neema, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, heshima ya bibi, na atacheka. Ukiiacha kabisa, umevunja adabu.

Njia niliyoiona inafanya kazi ni kutenganisha mambo mawili: nani anatajwa kwanza, na nani anasimuliwa kwanza. Kwenye kuita majina, mkubwa anatangulia. Hapo hakuna mdogo wa hapa mjini atakayelalamika, angeshangaa kama ingekuwa kinyume. Kwenye simulizi, mdogo anatangulia. Shikamoo haikai juu ya ujumbe, inakaa mwanzo wa aya ya Shangazi, mahali ambapo unamgeukia yeye. Kwa hiyo kila mmoja ametangulia mara moja, na hakuna aliyekaa nyuma mwanzo mpaka mwisho. Kinachoumiza si kuwa wa pili mara moja. Kinachoumiza ni kuwa wa pili kwenye salamu, kwenye sifa, kwenye dua, kwenye picha na kwenye keki.

Jambo jingine ni vyeo vya ukoo. Shangazi Mwanaidi ana cheo mbele ya jina. Neema akibaki "Neema" tupu anaonekana mtoto. Akiwa "Wifi Neema", hiyo ni sauti yangu mimi na dada zangu tu. Kwa kaka zangu ni shemeji, kwa baba ni mkwe, kwa watoto ni mama mdogo. Na "mke wa fulani" usiliguse kabisa, linamtambulisha kwa mwenye siku nyingine. Nilibaki na "Neema wetu". Ni dogo, lakini kila aliyemo kwenye kundi anaweza kulisema, na lile "wetu" lina uzito wa kutosha kusimama karibu na "Shangazi".

Ofisini mambo ni yale yale ila vyeo ni vya kazi. Kama mkuu wa idara na mhudumu wa chai wamezaliwa siku moja, usimwandikie mmoja "Mkurugenzi" na mwingine "dada yetu wa chai". Wape wote Bi au Bwana na jina, ukae kimya kuhusu kazi.

Dalili: wote wawili wamejibu "asanteni" na hakuna aliyefurahi

Hiyo ni dawa iliyozidi. Kwa kuogopa kumpendelea mmoja, mwandishi anaandika ninyi, ninyi, ninyi mpaka mwisho: mmekuwa baraka, mnatufurahisha, muishi miaka mingi. Hakuna aliyeonewa kwa sababu hakuna aliyetajwa. Umeandikia tarehe, hukuandikia watu.

Wanaoumia na hili zaidi ni mapacha. Waulize Kulwa na Doto wowote unaowajua. Tangu utotoni wanapata zawadi moja, keki moja, salamu moja, na hata majina yenyewe yanasema nani alitangulia kutoka tumboni. Kwao ninyi iwe mara mbili tu, mwanzo na mwisho, na katikati kila mmoja apate aya yake isiyo na neno lolote la kumlinganisha na mwenzake. Usiandike "tofauti na mwenzako".

Bado unahitaji sentensi moja inayowakutanisha kwa haki, la sivyo umeandika salamu mbili ukazibandika. Sentensi hiyo isiwe kwamba wamezaliwa siku moja. Hilo wanalijua, na Sabasaba ina kelele zake: maonyesho barabara ya Kilwa, foleni, watu wanaotania kwamba taifa zima limepumzika kwa ajili yao. Siku yenyewe inaweza kuwa mtu wa tatu kwenye ujumbe, akala nafasi ya wote wawili. Tafuta jambo walilolifanya pamoja, wote wakiwa watendaji wa kitenzi kile kile. Kwetu lipo: mwaka jana waligombea kisu cha keki, Shangazi akidai ukubwa, Neema akidai keki aliilipia yeye, na wakati wanabishana watoto walikuwa wameshachimba upande mmoja kwa vijiko.

Ujumbe mzuri, simu imeuharibu

Kabla ya kutuma, jiulize utapokelewaje. Neema yuko kwenye basi. Anachokiona kwanza ni kile kipande kinachotokea juu ya kioo, maneno machache ya mwanzo. Kama kipande hicho kina jina moja, ameshajua hali kabla ya kufungua. Kwa hiyo majina yote mawili yakae kwenye maneno matano ya kwanza, kabla ya heri, kabla ya maua, kabla ya alama za keki. Ujumbe ukiwa mrefu sana WhatsApp inaukata, na lazima ubonyeze ndipo usome sehemu iliyobaki. Aya ya mtu ikiangukia huko chini, nusu ya ukoo hawataiona. Fupisha mpaka zote mbili zionekane bila kubonyeza. Ukimtaja mmoja kwa alama ya @ ili simu yake imwite, mtaje na mwingine.

Shangazi naye hasomi. Macho yanamsumbua, mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemsomea, tena kwa kasi ya mtoto anayetaka kurudi kucheza. Herufi nene ulizoweka hazisikiki. Mistari uliyoruka haisikiki. Anachosikia ni jina lake na kinachofuata jina lake. Hii ndiyo sababu aya ya kila mmoja inaanza kwa kumwita: mtoto akisoma "Shangazi, shikamoo", bibi anajua sasa ni zamu yake na anakaza sikio. Jisomee kwa sauti mara moja, haraka, bila kupumzika penye mistari. Ukipotea hujui nani anaambiwa nini, naye atapotea.

Kuhusu picha: tuma moja yenye wote wawili, hata kama si kali sana. Picha mbili zina ya kwanza na ya pili, na maneno yatakaa chini ya mojawapo. Nilipekua simu mpaka nikapata moja ya jikoni, wote wawili wameinama kwenye sinia la viazi, vichwa vinalingana.

Na jambo ambalo halimo kwenye ujumbe kabisa: jibu la kwanza. Kwenye kundi, anayejibu kwanza ndiye anayeweka njia. Mjomba akiandika "Hepi besdei Shangazi", wanaofuata 15 wataandika hivyo hivyo kwa uvivu, na kazi yako yote imekwisha. Nilipanga na binamu yangu mapema. Nikituma tu, yeye aandike jibu lenye majina yote mawili, akianza na Neema. Watu wananakili kile walichokikuta.

Mwaka huu

Basi huu ndio nilioutuma, saa moja asubuhi, wakati Shangazi ameshamaliza kuchoma na Neema hajafika kituoni:

"Shangazi Mwanaidi, Neema wetu, leo ni siku yenu.

Neema, mwezi wa nne Jangwani ilipojaa ulizunguka Kigogo mpaka Ilala na dawa za Mama mkononi. Ulifika saa tatu usiku, viatu vinavuja. Hakuna aliyekutuma.

Shangazi, shikamoo. Chuma chako cha vitumbua kina mashimo saba, na tuliosomeshwa na chuma hicho ni wanne. Ada haikuchelewa hata muhula mmoja.

Mwaka jana mligombea kisu mpaka watoto wakala keki kwa vijiko. Mwaka huu visu ni viwili.

Mwenyezi Mungu awape afya, na kile ambacho kila mmoja wenu anakiomba kimyakimya.

Sisi wote wa nyumbani."

Pitisha vipimo vyote hapo. Funika aya ya Shangazi, ya Neema inasimama. Badilisha majina, hakuna inayokubali. Viambishi: ulizunguka, ulifika, chako, mligombea, awape. Hakuna yeye hata mmoja. Aya ya Neema ina maneno mawili zaidi, na hakuna atakayehesabu.

Kuna hali ambazo ujumbe mmoja hautoshi, hata uandikwe vipi. Kama mmoja amefiwa karibuni au anaumwa sana, shangwe ya mwenzake itamsonga. Hapo tuma mbili, kwa saa tofauti. Kama mmoja ni mume wako au mke wako, kundi lipate ujumbe wa wote na nyumbani upeleke wa kwake peke yake, kwa mdomo. Lakini usimtumie mmoja ujumbe wa pembeni ukamwacha mwingine. Wataonyeshana simu. Kwetu walionyeshana kabla ya saa nne.

Shangazi alileta sauti ya dakika tatu. Nusu yake ni kunisahihisha: chuma kina mashimo tisa, si saba, saba kilikuwa cha mama yake, na mimi nimekula kwenye vyote viwili bila kuhesabu. Neema aliandika mistari sita. Bodaboda wa Kigogo alimtoza 5,000 kwa mwendo wa 2,000, na hajamsamehe. Halafu akamalizia: "Na wifi, vile viatu vilikuwa vyako. Nilisahau kukwambia."